Kadi Yangu Ilibaki Dubai

Mtoto wa dada yangu alifunga ndoa Dubai, nami nikaenda kwa siku 5. Asubuhi ya kuondoka nilifunga sanduku, nikakusanya karatasi zote zilizokuwa zimezagaa mezani, nikazitia kwenye pipa la taka la chumba. Kulikuwa na risiti ya hoteli, mkataba wa gari nililokodi kwa siku 3, na vile vikaratasi vyembamba vinavyotoka kwenye mashine ya kadi. Hoteli nilikuwa nimeilipa taslimu. Gari nilikuwa nimelilipia kwa kadi tangu siku ya kulichukua. Nikaondoka nikijua sidaiwi na mtu.

Siku ya 16 tangu nirudi Dar es Salaam, nikiwa jikoni nachambua mchele, ujumbe wa benki ukaingia. Kampuni ya magari ya Dubai imekata dirhamu 707. Nikafungua programu ya benki kwenye simu nione kilichobaki, na mchele ukaishia hapo. Katika akaunti ile nilikuwa nimeweka shilingi 4,000,000 za safari, na kwa hesabu yangu nilikuwa nimeitumia mara moja tu, kwenye kodi ya gari. Simu ikaniambia ninaweza kutumia shilingi 750,600.

Kesho yake asubuhi nilikuwa benki, kwenye dawati la kadi. Kijana aliyenihudumia alitazama skrini kwa muda, kisha akaniuliza, "Mama, ulipofika hotelini walikuomba kadi?"

"Waliniomba, nikawapa. Lakini nililipa taslimu, mwanangu. Hata risiti nilipewa."

"Na kwenye gari je?"

"Na kwenye gari pia. Walisema ni dhamana tu."

Akaigeuza skrini ili na mimi nione. "Basi hizi mbili hazijakatwa, mama. Zimezuiwa. Pesa ipo kwenye akaunti yako, ila huwezi kuigusa. Iliyokatwa ni hii moja ya jana. Na hii nayo, sidhani kama ni wizi."

Maneno yale sikuyaamini siku ile. Ilibidi niandikiane na hoteli, na kampuni ya magari, na benki yenyewe, ndipo nikaona kwamba yule kijana alikuwa sahihi kwa kila neno. Nayaandika hapa kwa sababu kila msafiri ninayemsimulia ana kisa chake kinachofanana na changu. Katika hesabu zote nitachukulia dirhamu 1 kuwa shilingi 700, ili zisitusumbue.

Kuomba ruhusa na kuchukua pesa

Ukinunua viatu dukani kwa kadi, yanatokea mambo mawili ambayo huyaoni yakitengana. Kwanza mashine ya duka inaiuliza benki yako, kwa kupitia benki ya mwenye duka na mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard: mteja huyu ana kiasi hiki? Benki ikikubali, inatoa namba ya idhini, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 6, na papo hapo inakitenga kiasi kile. Pesa haijaenda popote. Baadaye, mara nyingi usiku duka linapofunga hesabu, mwenye duka anatuma dai lenyewe. Dai likifika, benki inafuta kilichotengwa na kukata kilichodaiwa. Kwa kuwa kiasi ni kilekile na hupita siku chache tu katikati, sisi wanunuzi tunaona jambo moja: nimelipa.

Hoteli haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu siku unayoingia haijui utaondoka na bili ya kiasi gani. Huenda ukala mkahawani kila usiku, ukafuliwa nguo, ukavunja taa. Mwenye gari la kukodi yuko gizani zaidi, maana hajui utarudisha mafuta kiasi gani, utapita wapi, wala utaligonga wapi. Ndiyo maana mitandao ya kadi imewapa watu hawa ruhusa ambayo muuza viatu hana. Wanaweza kuomba idhini ya makadirio, wakaiongeza ukikaa zaidi, na wakaleta bei ya mwisho baadaye. Idhini ya namna hii huweza kuishi hadi siku 30. Muda wote huo kilichoombwa kinakaa kando katika akaunti yako, hata kama hakuna aliyekichukua.

Mwenye kadi ya mkopo haumii sana. Kilichozuiwa kwake ni sehemu ya kiwango ambacho benki imekubali kumkopesha, na mshahara wake uko salama mahali pengine. Wengi wetu tunasafiri na kadi iliyounganishwa moja kwa moja na akaunti. Kwetu kinachozuiwa ni pesa yenyewe, ile tuliyoitunza, na ikizuiwa ada ya shule inaweza kukwama ilhali pesa yake inaonekana.

Na kweli inaonekana. Programu ya benki yangu ina mistari miwili ambayo sikuwahi kuitofautisha. Wa kwanza unasomeka `Actual Balance`, nao ni pesa iliyomo. Wa pili unasomeka `Available Balance`, nao ni pesa unayoweza kuitumia. Siku ile mstari wa kwanza ulionyesha shilingi 3,253,100 na wa pili 750,600. Tofauti ya mistari hiyo miwili ndiyo pesa iliyozuiwa: shilingi 2,502,500, au dirhamu 3,575. Kazi iliyobaki ilikuwa kujua nani anashikilia kiasi gani, na kwa sababu gani.

Hesabu ya mapokezi

Hoteli ilikuwa ya nyota 4, eneo la Deira, dirhamu 300 kwa usiku pamoja na kodi zake. Juu yake kuna tozo ya utalii ya Dubai, ambayo kwa hoteli ya nyota 4 ni dirhamu 15 kwa chumba kwa kila usiku. Kwa usiku 5, chumba ni dirhamu 1,500 na tozo ni 75. Halafu mapokezi wakaongeza dirhamu 100 kwa kila usiku kwa ajili ya mambo madogomadogo ambayo mgeni anaweza kuyatumia, yaani 500. Jumla 2,075. Hicho ndicho kiasi walichokiombea idhini nilipoingiza kadi na kubonyeza namba ya siri, nami nikidhani wanahakiki tu kama kadi inafanya kazi.

Kikaratasi kilichotoka kwenye mashine kilisema wazi, kama ningekisoma. Malipo ya kawaida huandikwa `SALE`. Kuzuia huandikwa `PRE-AUTH`, na chini yake panakuwa na namba ya idhini. Ukiona neno hilo, ujue hujalipa bado. Umeacha mlango wazi, na anayeweza kuufunga ni yule aliyeufungua.

Siku ya kuondoka bili yangu ilikuwa dirhamu 1,635, yaani chumba, tozo, na dirhamu 60 za maji na kufuliwa. Nikatoa taslimu, kwa sababu nilikuwa nimebaki na noti nyingi na sikutaka kurudi nazo. Mpokeaji akahesabu, akanipa risiti, tukaagana vizuri. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na tulilifanya wote wawili.

Kama ningelipa kwa kadi ileile, mhudumu angechukua idhini ya mwanzo na kuikamilisha kwa dirhamu 1,635. Benki yangu ingeona namba ileile ya idhini, ingekata kiasi hicho, na kuziachia dirhamu 440 zilizobaki. Nilipolipa taslimu, noti ziliingia kwenye droo, na mashine ya kadi haikupata habari. Ilibidi mhudumu achukue hatua ya pili, ya kutuma ujumbe wa kuibatilisha idhini. Mitandao ya kadi inamtaka mfanyabiashara afanye hivyo ndani ya saa 24 tangu ajue kwamba pesa ile haihitaji tena. Lakini asubuhi, foleni ya wageni imefika mlangoni na teksi zinapiga honi, hatua isiyoonekana na mgeni ni rahisi kusahaulika. Dirhamu 2,075 zikabaki zimefungwa Deira, nami nikiwa nimeshalipa bili yote.

Wengi huliita jambo hili kukatwa mara mbili. Ukienda benki na neno hilo utapoteza muda, kama nilivyopoteza. Benki itakujibu kwamba hakuna muamala wa kupinga, kwa kuwa hakuna pesa iliyotoka, na itakuwa inasema kweli. Kinachotakiwa ni kuachia, na kuachia kuna njia mbili. Ama hoteli itume ubatilisho, ama idhini ife yenyewe muda wake ukiisha.

Kwangu iliwezekana njia ya kwanza kwa sababu hoteli ilikuwa na nakala ya kila nilichokitupa. Niliwaandikia nikawapa tarehe za kulala, namba ya chumba na tarakimu 4 za mwisho za kadi. Nikaomba barua yenye mambo manne: kiasi kilichozuiwa, tarehe, namba ya idhini, na sentensi moja kwamba hawatakidai. Barua ilifika baada ya siku 2. Niliipeleka kwenye dawati la kadi, na kufikia jioni dirhamu 2,075 zilikuwa zimerudi kwenye mstari wa pili. Bila namba ya idhini, yule kijana aliniambia, wangekuwa wanatafuta sindano kwenye majani.

Gari lilirudi, namba yake ikabaki barabarani

Upande wa gari ulikuwa mgumu zaidi, na huko sikuwa na haki kama nilivyodhani.

Kodi ilikuwa dirhamu 120 kwa siku. Kwa siku 3 zikakatwa 360, zile shilingi 252,000 nilizozijua. Pembeni wakazuia dhamana ya dirhamu 1,500. Nilipolirudisha, kijana wa kampuni alilizunguka gari, akatazama geji ya mafuta, akasema liko sawa. Nikachukulia kwamba dhamana nayo imeisha pale pale. Sikujua kwamba kwa Dubai ukaguzi wa bodi ya gari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili huja polepole, kwa namba ya gari.

Dubai ina mfumo wa tozo za barabarani uitwao Salik, ulioanza mwaka 2007. Hakuna kizuizi wala mtu wa kumlipa. Kuna kibandiko kwenye kioo cha mbele, na ukipita chini ya geti, akaunti ya mwenye gari inapunguzwa. Tangu mwisho wa Januari 2025 bei hubadilika kwa saa: dirhamu 6 saa za msongamano asubuhi na jioni katika siku za kazi, dirhamu 4 saa nyingine, na bure kati ya saa 7 na saa 12 alfajiri. Mgeni wa Deira anayevuka hori kwa daraja la Al Maktoum au la Al Garhoud anapita getini bila hata kupunguza mwendo. Mimi nilipita mara 9, sita kati ya hizo saa za msongamano. Hizo ni dirhamu 48, na kampuni iliongeza dirhamu 1 kwa kila pito, zikawa 57.

Halafu kamera. Ilikuwa usiku wa kuamkia arusi, tumechelewa kumbini na shangazi wawili wamekaa nyuma na masinia ya vitumbua. Barabara ilikuwa ya mwisho kilomita 100 kwa saa, nami nilikuwa kwenye 125. Kupitiliza mwendo kwa zaidi ya kilomita 20 lakini si zaidi ya 30 hutozwa dirhamu 600 kule. Faini haimwandami dereva. Inaandikwa kwenye namba ya gari, na mwenye gari huikuta pale anapokagua namba zake, pengine siku kadhaa baadaye. Kampuni inailipa, kisha inakutafuta wewe, na huongeza ada ya usumbufu. Kwangu ada hiyo ilikuwa dirhamu 50.

Jumlisha: 57, 600 na 50. Ni dirhamu 707 kamili, zile zilizoniachisha mchele.

Niliuliza kwa ukali mkubwa ni nani aliyewapa ruhusa ya kukata bila kadi yangu kuwepo na bila namba ya siri. Wakanitumia ukurasa wa pili wa mkataba, wenye sahihi yangu, chini ya aya inayosema kwamba nakubali kadi yangu itumike kwa tozo, faini na ada zitakazojulikana baadaye. Siku ile, nilipoingiza kadi mara moja, mfumo wao uliihifadhi kwa ajili ya kazi kama hii. Namba ya siri ilikuwa imeshatumika, na ridhaa ilikuwa kwenye karatasi niliyoitupa. Waliambatanisha pia faini yenyewe, yenye siku, saa, mahali na namba ya gari. Kwa asiyeamini, tovuti ya Polisi wa Dubai inaruhusu kutafuta faini kwa namba ya gari. Niliitafuta. Ilikuwa yangu.

Idhini mbili zisizojuana

Hata hivyo kampuni ile nayo ilikuwa na kosa lake, na ni la aina inayowasumbua wengi.

Walikuwa tayari wamezuia dirhamu 1,500. Njia iliyo safi ilikuwa kukamilisha idhini ileile kwa dirhamu 707, na zile 793 zilizobaki zingeachiwa. Badala yake mtu wa hesabu alifungua muamala mpya wa 707, wenye namba yake mpya ya idhini, na ile ya zamani akaiacha ilivyo. Kwa jicho la benki yangu, hayo yalikuwa mambo mawili yasiyohusiana. Likaja dai la 707, likalipwa. Na ile 1,500 ikaendelea kumsubiri mwenyewe. Kwa deni la dirhamu 707, pesa yangu iliyoguswa ilikuwa dirhamu 2,207.

Namna ya kulitambua kosa hili ni kutazama mistari miwili ya salio siku ambayo makato ya mwisho yanaingia. Idhini ikikamilishwa vizuri, pesa iliyozuiwa hupotea siku hiyohiyo au inayofuata, na mistari miwili inakaribiana. Ukiona makato mapya yameingia na tofauti ya mistari haikusogea, basi idhini ya zamani imeachwa yatima. Hapo waandikie wenye gari kama nilivyowaandikia hoteli. Mimi nilichelewa kuligundua, na kampuni haikuwa na haraka. Zile 1,500 zilijiachia zenyewe siku ya 30 tangu nilipochukua gari.

Kuna jambo la tatu linalofanana na haya mawili kwa nje lakini ndani ni baya zaidi. Baadhi ya wenye magari hawazuii dhamana, bali wanaikata kabisa na kuahidi kuirudisha. Kikaratasi chao kitasema `SALE`. Pesa ikikatwa kweli, inabadilishwa kutoka shilingi kwenda dirhamu kwa bei ya benki ya kuuza. Ikirudishwa, inabadilishwa kwa bei ya kununua, na kwa kiwango cha siku hiyo mpya. Tuseme dirhamu 1,500 zimetoka kwa shilingi 715 kila moja, ni shilingi 1,072,500. Zikirudi kwa 690 unapata 1,035,000. Kampuni imerudisha dirhamu zote bila kupunguza hata moja, nawe umepoteza shilingi 37,500, kabla ya ada ya muamala wa nje ambayo benki yako huenda isiirudishe. Pesa iliyozuiwa tu na kuachiwa haipiti njia hiyo, maana haikubadilishwa. Kwa hiyo swali la kuuliza kaunta kabla ya kutoa kadi ni fupi: mnazuia au mnakata?

Mlango unafungwa lini

Nilipoelewa kwamba mtu anaweza kunikata nikiwa nyumbani, nilitaka kujua kwa muda gani. Kanuni za Visa zinampa mwenye hoteli au gari siku 90, kuanzia siku uliyoondoka au kurudisha gari, za kuleta makato yaliyochelewa kama vile mafuta, chakula, faini au tozo. Anatakiwa pia akujulishe anachokukata na kwa nini. Siku 90 zikipita bila kudaiwa, hoja yake inadhoofika sana.

Uharibifu wa gari una masharti zaidi, kwa sababu bei ya mkwaruzo haina kamera ya kuithibitisha. Kwa mujibu wa kanuni hizohizo, kampuni inatakiwa ikutumie ushahidi ndani ya siku 10 za kazi tangu urudishe gari: mkataba, makadirio ya gharama kutoka kwa fundi anayeruhusiwa kutengeneza, na maelezo ya namna uharibifu unavyokuhusu wewe. Nawe unaruhusiwa kuleta makadirio ya fundi mwingine. Msipoafikiana, wanatakiwa wasubiri siku 20 za kazi tangu wakutumie ushahidi huo kabla ya kukata. Makato ya uharibifu yanayoingia ghafla, bila karatasi, wiki ya pili tangu urudi, hayajafuata utaratibu huo, na hilo ndilo la kuiambia benki.

Kwa kuwa sasa pesa imetoka kweli, benki ina cha kupinga. Muda wa kupinga kwa kanuni za Visa kwa kawaida ni siku 120, lakini benki nyingi zinataka taarifa mapema zaidi, kwa hiyo usihesabu siku hizo kama zako zote. Peleka picha za gari ulizozipiga wakati wa kulirudisha, pande zote 4 pamoja na geji ya mafuta na mita ya kilomita, zikiwa na saa yake. Peleka na barua uliyowaandikia kwanza na jibu lao, au ushahidi kwamba hawakujibu. Benki haiamui kwa hasira ya mteja. Inaangalia nani ana karatasi.

Rafiki yangu mmoja alinishauri nifunge kadi nipate nyingine, ili wasinifikie. Nilimuuliza yule kijana wa benki. Akatikisa kichwa. Dai la kukamilisha idhini ya zamani huweza kupita hata kadi ikiwa imefungwa, na deni la mkataba linabaki palepale. Tena pesa inayorudishwa huweza kukwama kwa kuwa kadi iliyotajwa haipo tena. Kufunga kadi ni dawa ya kadi iliyoibwa. Yangu haikuibwa. Niliikopesha mwenyewe, kwa sahihi.

Bahasha

Ukizijumlisha gharama zangu halali za safari ile, hoteli, gari, tozo na faini, ni dirhamu 2,702, na sehemu kubwa yake nililipa taslimu. Lakini kwa wiki kadhaa shilingi milioni mbili na nusu zilikuwa kwangu na hazikuwa zangu, kwa sababu ya idhini mbili ambazo hakuna aliyezifunga, na kwa sababu ya vikaratasi viwili nilivyovitupa.

Mwezi uliopita nililala Nairobi usiku 2 kwa shughuli ya kazi. Mpokeaji aliponiomba kadi nilimwuliza, "Dada, unazuia au unakata? Kiasi gani?" Akaniambia anazuia, akanitajia kiasi, wala hakuonekana kushangaa. Siku ya kuondoka nilikuwa na shilingi za Kenya mkobani, lakini nililipa kwa kadi ileile na kumwomba akamilishe idhini ya mwanzo, asifungue mpya. Alibonyeza vitufe vichache. Nikalinganisha namba ya idhini kwenye vikaratasi viwili. Ilikuwa moja.

Vikaratasi hivyo vimo kwenye bahasha ya kaki, kwenye droo ya kabati. Juu yake nimeandika kwa kalamu tarehe ya siku ya 90, na chini ya tarehe: usitupe kabla.